Idadi ya Watu wa Dar es Salaam: Mpaka wa Kisheria na Mji Uliojengwa

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi wenu mmekutana nalo mlipokuwa mkiandaa habari, ripoti au tasnifu: ukitafuta idadi ya watu wa Dar es Salaam unapata majibu zaidi ya moja, na majibu hayo hayatofautiani kwa maelfu machache bali kwa mamilioni. Kwa mwaka mmoja tu, yaani 2022, utakuta mahali pameandikwa 1,649,912, pengine pameandikwa 5,383,728, na kwingine utaambiwa ni takriban milioni 7.4. Anayeziona namba hizo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtu fulani amekosea kuhesabu, kisha huchagua ile inayomfaa kwa hoja yake. Ukweli ni kwamba namba mbili za kwanza zimetoka katika sensa ileile, na zote mbili ni sahihi, ila kila moja inahusu eneo lake. Ile ya tatu haikutokana na kuhesabu watu mwaka huo. Ni maoteo yaliyofanywa miaka kadhaa kabla ya sensa. Nitaanza na mpaka, kwa kuwa ndipo sehemu kubwa ya mkanganyiko inapozaliwa.

Kisheria, Dar es Salaam ni jina la vitu viwili. Kwanza kuna Mkoa wa Dar es Salaam, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,393, na ndani yake mna halmashauri tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Pili kuna Jiji. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2021 palikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, ikishughulikia mambo yaliyozivuka. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri hiyo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Tangu siku hiyo, kwa maana kali ya kisheria, mkazi wa Sinza au wa Mbagala haishi katika Jiji la Dar es Salaam, ingawa hakuna hata mmoja wao atakayekubali ukimwambia hivyo. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,649,912 katika Jiji hilo, 1,346,674 Temeke, 1,086,912 Ubungo, 982,328 Kinondoni na 317,902 Kigamboni. Jumlisheni wenyewe mtapata 5,383,728, ambayo ndiyo idadi ya Mkoa. Kwa hiyo anayefungua jedwali la halmashauri na kuchukua mstari wenye neno «Jiji» anaondoka na chini ya theluthi moja ya watu ambao jirani yake, aliyefungua jedwali la mikoa, ameondoka nao.

Mipaka ya ndani ina mtego mwingine ambao nimeuona ukiwanasa hata watu makini. Katika sensa ya 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049, na katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu 982,328. Mtu akiziweka namba hizi mbili pamoja bila kuuliza chochote, ataandika kwamba Kinondoni imepoteza karibu nusu ya wakazi wake, na huenda akaanza kutafuta sababu, kuanzia bei ya pango hadi mafuriko. Hakuna aliyehama kwa kiwango hicho. Kati ya sensa hizo mbili Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Ukiziunganisha tena Kinondoni na Ubungo za 2022 unapata 2,069,240, yaani ongezeko la wastani. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, ni lazima uhakikishe kwamba eneo linalolinganishwa ni lilelile, la sivyo unapima kazi ya wachora ramani huku ukidhani unapima mwendo wa watu.

Sasa tutoke katika makaratasi twende barabarani. Mpaka wa Mkoa ulichorwa kwa ajili ya utawala, na haukukusudiwa kufuata ukingo wa nyumba. Upande wa kusini mashariki umechukua ardhi ambayo hadi leo ina sura ya shamba: ukipita Kimbiji na Pemba Mnazi, huko Kigamboni, unakuta minazi, mikorosho na nyumba zilizoachana. Umechukua pia msitu wa Pande, pamoja na visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Lakini kwenye barabara kuu zinazotoka mjini, mpaka huohuo unakata katikati ya nyumba. Barabara ya Kilwa inapita Mbagala na Kongowe, kisha inaingia Mwandege na Vikindu, ambako tayari ni Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Barabara ya Morogoro inapita Kimara, Mbezi na Kibamba hadi Kiluvya, na mbele yake ni Kibaha. Barabara ya Bagamoyo inapita Tegeta na Bunju, na baada ya hapo ni Mapinga, ambayo ni Wilaya ya Bagamoyo. Abiria aliyeketi ndani ya daladala katika njia hizo hapati dalili yoyote kwamba amebadilisha mkoa, isipokuwa akisoma kibao. Maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wa madirisha ya aluminiamu, vituo vya bodaboda na nyumba mpya zinaendelea kama zilivyokuwa kilomita mbili nyuma.

Athari ya jambo hili kwenye takwimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye funzo lenyewe la sensa ya 2022. Kati ya 2002 na 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa kasi ya asilimia 5.6 kwa mwaka, kasi ambayo ilifanya jina lake litajwe kila palipozungumzwa miji inayokua haraka duniani. Kati ya 2012 na 2022 idadi ilipanda kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, ambayo ni kasi ya asilimia 2.1 kwa mwaka. Nchi nzima katika kipindi hicho ilikua kwa asilimia 3.2. Ukiishia hapo, itakubidi useme kwamba mji mkubwa kuliko yote nchini ulikua polepole kuliko nchi yenyewe, na kwamba watu wameacha kuukimbilia. Sasa tazama jirani yake. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulikuwa na 2,024,947, kasi inayozidi asilimia 6 kwa mwaka. Ndani ya Pwani, Mkuranga ilipanda kutoka takriban watu 223,000 hadi zaidi ya 530,000, na Mji wa Kibaha ukaongezeka kwa zaidi ya mara mbili kutoka 128,000 na kitu. Sehemu hizo mbili ziko palepale ambapo Barabara ya Kilwa na Barabara ya Morogoro zinautoka Mkoa wa Dar es Salaam. Familia iliyokuwa imepanga vyumba viwili Temeke ikanunua kiwanja Vikindu na kujenga haikuuacha mji; imehamia ukingo wa mji. Kwenye jedwali la mikoa, hata hivyo, Dar es Salaam imepungukiwa na familia hiyo na Pwani imeipata.

Hapo ndipo inapohitajika njia ya pili ya kuutambua mji, inayopuuza mpaka wa utawala na kufuata eneo lililojengwa mfululizo. Kanuni yake inaonekana rahisi: anza katikati ya mji, endelea kuelekea nje maadamu nyumba zinaendelea, na simama zinapokatika. Ugumu ni kuamua nyumba zimekatika lini. Wafaransa wana kanuni ya umbali, ambayo inahesabu majengo kuwa ya mji mmoja ikiwa pengo kati yao halizidi mita 200, na kwa kanuni hiyo Paris, ambayo ndani ya mpaka wake wa kisheria ina watu zaidi kidogo ya milioni 2, inakuwa mji wa watu wanaokaribia milioni 11. Njia nyingine, ambayo Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mwaka 2020 ili nchi ziweze kulinganishwa, inatumia msongamano wa watu badala ya umbali wa majengo. Nchi hukatwa katika miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja. Kila mraba wenye watu 1,500 au zaidi huwekewa alama, kisha miraba yenye alama inayogusana kwa ubavu huunganishwa, na kundi likifikisha jumla ya watu 50,000 huitwa mji. Mapengo yaliyozungukwa na kundi hilo hujazwa, na kwa sababu hiyo bonde la Msimbazi pale Jangwani, lisilo na wakazi kwa kuwa hufurika, haliugawi mji vipande viwili.

Tuijaribu njia hiyo kwenye Barabara ya Kilwa. Wilaya ya Mkuranga nzima ina zaidi ya kilomita za mraba 2,000, hivyo ukigawanya watu wake kwa eneo lake unapata wastani usiofika watu 270 kwa kilomita ya mraba, na kwa wastani huo wilaya yote ingebaki kijijini. Lakini wastani wa wilaya umechanganya Mwandege na vijiji vya mbali vya mikorosho ambavyo havihusiani na mji hata kidogo. Ukishuka hadi ngazi ya kata, picha inabadilika, kwa kuwa kata za mpakani zimesongamana na zile za ndani zimetawanyika. Ukishuka zaidi hadi mraba wa kilomita moja, unaona msongamano ukiifuata barabara kama utepe na kupungua kadiri unavyoingia ndani. Kwa hiyo jibu sahihi halipatikani kwa kuichukua Mkuranga yote wala kwa kuiacha yote, na anayefanya lolote kati ya hayo mawili kwa sababu tu takwimu za wilaya ndizo zilizokuwa karibu, anapaswa kulisema waziwazi.

Kupeleka watu kwenye miraba nako kuna matatizo yake. Karani wa sensa hahesabu kwa miraba; anahesabu kwa maeneo ya kuhesabia watu, ambayo yana umbo la mitaa na vitongoji. Wataalamu huchukua jumla ya eneo hilo na kuigawa juu ya majengo yanayoonekana kwenye picha za setilaiti. Katika kingo za Dar es Salaam njia hii hudanganywa na mapagale. Watu wengi hujenga kidogokidogo kadiri fedha zinavyopatikana, na nyumba inaweza kukaa miaka mingi ikiwa na kuta na paa bila mtu kuhamia, au ikiwa na mlinzi peke yake. Kamera iliyo angani huliona paa na kulihesabu sawa na paa la nyumba yenye vyumba sita vya wapangaji kule Manzese. Kosa hili huwa dogo ikiwa takwimu za sensa zilizotumika ni za maeneo madogo na za karibuni, kwa kuwa jumla ya eneo tayari inajulikana. Linakuwa kubwa pale mtengeneza ramani alipokuwa na jumla ya wilaya tu, au jumla ya miaka kumi nyuma. Ishara ya kukutahadharisha ni hii: ukikuta ramani inayoonyesha msongamano mkubwa mahali ambapo wenyeji wanajua pana viwanda na maghala, ujue watu wamegawanywa kwa mapaa.

Kuna pia mahali ambapo kanuni inahitaji uamuzi wa binadamu, na wanaoamua hawatakubaliana. Kigamboni imetenganishwa na katikati ya mji na maji. Kwa miaka mingi njia kuu ilikuwa pantoni ya Magogoni, na tangu 2016 lipo Daraja la Nyerere. Wapo watakaosema maji yanakata mji na wapo watakaosema watu wanaovuka kila asubuhi ni wa mji huohuo. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba hoja yao inatoka kwenye usafiri na si kwenye majengo. Mji wa Kisarawe ni mgumu zaidi. Ukipita Gongo la Mboto na Pugu unakutana na misitu ya hifadhi kabla ya kufika Kisarawe. Kwa kanuni ya majengo yanayofuatana hapo pana mkato wa kweli, tena wa kudumu kwa kuwa sheria inakataza kujenga msituni. Kisarawe basi inabaki kuwa mji unaojitegemea hata kama watu wake wanauza na kununua Dar es Salaam kila siku. Anayetaka kuiingiza anapaswa kuacha kuzungumzia eneo lililojengwa na kuanza kuzungumzia eneo la wasafiri wa kila siku, ambalo ni kipimo cha tatu na lina namba yake.

Turudi sasa kwenye ile milioni 7.4. Idara ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la mwaka 2018 kuhusu ukuaji wa miji duniani, ilikadiria Dar es Salaam kuwa na watu takriban milioni 6.7 mwaka 2020, na kufikia takriban milioni 10.8 mwaka 2030. Mwaka 2022 unaangukia kwenye milioni 7.4. Wapo wanaoitetea namba hii kwa kusema kwamba inahesabu mji halisi uliojengwa ilhali sensa inahesabu mkoa tu. Utetezi huo unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Ukiongeza Mkuranga nzima na Mji wa Kibaha wote juu ya Mkoa wa Dar es Salaam, unapata kiasi cha milioni 6.2, na hapo umeshaingiza vijiji vingi visivyostahili kuingizwa. Ili ufike milioni 7.4 inakubidi uuongeze Mkoa wote wa Pwani, kisiwa cha Mafia na bonde la Rufiji vikiwemo. Ukifanya hivyo jumla inakuwa 7,408,675. Hakuna mtu anayeamini kwamba mvuvi wa Mafia ni mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo mpaka peke yake hauwezi kuieleza tofauti yote.

Sehemu iliyobaki inaelezwa na namna maoteo yanavyofanywa. Mwaka 2018 sensa ya mwisho ilikuwa ya 2012, na kasi iliyojulikana ilikuwa ile ya asilimia 5.6. Chukua watu 4,364,541 wa mwaka 2012, uwakuze kwa kasi hiyo kwa miaka kumi bila kuipunguza, utapata zaidi ya milioni 7.5. Watoa maoteo waliipunguza kasi kidogo na wakapata milioni 7.4. Hawakuwa wazembe, hawakuwa na namna ya kujua kwamba ukuaji ndani ya Mkoa ungepungua kiasi hicho huku ukimiminika upande wa pili wa mpaka. Tatizo lipo kwa wanaoendelea kuinukuu namba hiyo baada ya sensa kutoka, tena bila kutaja kwamba ni maoteo.

Kwamba kipimo peke yake kinaweza kuugeuza mji bila mtu hata mmoja kuzaliwa au kuhama, mfano wake mkubwa ni Jakarta. Katika toleo la 2018 Umoja wa Mataifa uliihesabu Jakarta kuwa na takriban milioni 11, idadi iliyokaribiana na ile ya mkoa wake maalumu wa mji mkuu. Katika toleo la 2025, lililotumia miraba ya kilomita moja niliyoieleza, Jakarta ilipewa karibu milioni 42 na kuipita Tokyo kuwa mji mkubwa kuliko yote duniani. Miji ya Bogor, Depok, Tangerang na Bekasi, ambayo kisheria ni miji mingine, imeungana nayo kwa nyumba, na miraba haikuona sababu ya kuitenganisha. Chongqing ya China inaonyesha upande wa kinyume: manispaa yake ina watu milioni 32 na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 82,000, milima na mashamba yakiwa sehemu kubwa ya eneo hilo, na anayeiita mji mkubwa kuliko yote duniani anahesabu wakulima kwa mamilioni.

Mwaweza kuuliza ni ipi itumike. Inategemea unagawanya nini kwa namba hiyo. Mpaka wa kisheria ndio unaofaa kwa bajeti ya halmashauri, idadi ya madiwani na majimbo, kwa sababu mkurugenzi wa Temeke hakusanyi ushuru Vikindu. Maji ni jambo jingine. DAWASA inahudumia Dar es Salaam pamoja na sehemu za Pwani, zikiwemo Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe, na mitambo yake mikubwa ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yenyewe iko Pwani. Mtu akichukua lita zote zinazozalishwa na mamlaka hiyo akazigawanya kwa watu 5,383,728 wa Mkoa, atapata lita nyingi kwa kila mtu kuliko zinavyostahili kuonekana, kwa sababu juu ya mstari ameweka maji ya mikoa miwili na chini yake ameweka watu wa mmoja. Nimeliona kosa la aina hii katika ripoti zenye majalada mazuri sana.

Usafiri nao unahitaji tahadhari, kwa kuwa sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambao mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Muuza nguo wa Kariakoo anayelala Mailimoja alihesabiwa Kibaha. Kariakoo ya saa sita mchana haimo katika jedwali lolote kati ya hayo niliyoyataja, wala haipatikani kwa kuupanua mpaka au kuunganisha miraba. Anayepanga mabasi ya mwendokasi lazima aende kuhesabu abiria vituoni.

Kwa ninyi mnaoandika, ombi langu ni la utaratibu. Mkiandika 5,383,728, andikeni «Mkoa wa Dar es Salaam, sensa ya 2022». Mkiandika 1,649,912, elezeni kwamba hilo ni Jiji la tangu 2021, yaani Ilala ya zamani. Mkikuta namba ya mviringo isiyo na mwaka, ulizeni kwanza eneo lake ni kilomita za mraba ngapi: ikiwa aliyeitoa anajibu 1,393, ametumia Mkoa, ikiwa anatoa eneo jingine, mwambieni awaonyeshe mstari wake unapita wapi pale Mwandege, Kiluvya na Mapinga, na ikiwa hana eneo lolote la kutaja, namba hiyo msiichapishe.